Kilichojificha nyuma ya kope: muwasho, ute na lenzi zisizovalika tena

"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Nimevaa lenzi za mwezi mmoja kwa miaka mitatu bila shida, kuanzia asubuhi hadi usiku. Tangu miezi miwili iliyopita macho yananiwasha, na nikizitoa jioni ndiyo yanazidi. Naamka na matongotongo meupe yanayovutika kama uzi. Mchana lenzi inafanya ukungu na inapanda juu nikipepesa. Duka la dawa walinipa matone ya jentamaisini na deksamethazoni. Nikiyatumia napona, nikiacha tatizo linarudi, na nimeshamaliza chupa mbili. Shangazi anasema ni vikope, rafiki yangu anasema ni vumbi. Nafunga ndoa baada ya wiki tisa na nilitaka kuvaa lenzi siku hiyo. Je, ndiyo niziache kabisa?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa ndoa. Hapana, si lazima uziache kabisa. Lakini leo usizivae, na kesho usizivae. Muda wa wiki tisa unatosha ukianza sasa, na hautatosha ukisubiri hadi wiki ya sita.

Hebu nikueleze ninachokishuku, ingawa uhakika utapatikana kope lako litakapopinduliwa. Ndani ya kope la juu kuna utando laini wa rangi ya waridi unaogusana na jicho. Kwa mtu asiye na tatizo utando huo karibu ni laini tupu, na vinundu vyake ni vidogo kuliko milimita 0.3, yaani unene wa karatasi tatu hivi za daftari zikiwekwa pamoja. Kwa baadhi ya wavaaji wa lenzi vinundu hivyo huvimba, hukaa vimebanana kama mawe ya barabarani, na vingine hufika milimita moja au zaidi, ukubwa wa punje ndogo ya ulezi. Hali hii iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na daktari wa Australia aitwaye Spring, na mwaka 1977 timu ya Mathea Allansmith kule Boston ikaieleza kwa kina. Kwa hiyo si ugonjwa mpya, na kwa madaktari wa macho si wa ajabu. Unachelewa kugunduliwa kwa sababu unakaa mahali ambapo kioo cha nyumbani hakifiki. Jicho lenyewe mara nyingi ni jeupe, au lina wekundu kidogo tu, na mtu anayekutazama usoni anasema huna kitu.

Dalili ulizoandika zinafuatana kama zilivyo kwa wagonjwa wengi wa hali hii. Kwanza huja muwasho unaozidi lenzi zikitoka, pamoja na ute kidogo wa asubuhi kwenye kona ya jicho. Baadaye ute unaongezeka na unaanza kuganda juu ya lenzi, ndiyo ule ukungu wa mchana. Kisha lenzi inakosa utulivu, kwa sababu vinundu na ute vinaikamata kila kope linapopita na kuivuta juu. Mwishoni mtu hawezi kuvumilia lenzi hata saa moja. Wewe naona uko katikati ya njia hiyo. Kuna kipimo kidogo unachoweza kukifanya mwenyewe: ukitoa lenzi na kuvaa miwani, ukungu unaondoka? Kama unaondoka, uchafu uko juu ya lenzi. Kama unabaki hata ukiwa na miwani, hilo ni jambo jingine kabisa, nitalieleza mbele.

Sasa, kwa nini miaka mitatu ya amani halafu ghafla vita? Wagonjwa wengi huniambia, "Lakini daktari, ni lenzi zilezile, maji yaleyale." Ni kweli, na hapo ndipo penye kiini. Machozi si maji matupu. Yamebeba protini, na mojawapo ni laisozaimu, ambayo kazi yake ni kuua bakteria. Tangu unapoiweka lenzi jichoni, protini na mafuta ya machozi huanza kuishika. Protini ikishaganda juu ya lenzi na kukaa siku kadhaa inabadilika umbo, na kinga ya mwili haiitambui tena kuwa ni ya kwako. Inaiona kama kitu kigeni kilichoegeshwa mlangoni. Mwili haukatai plastiki yenyewe. Unachokataa ni machozi yako yaliyogandia juu ya hiyo plastiki.

Hilo peke yake lisingetosha. Linahitaji mkwaruzo. Mtu hupepesa mara 12 hadi 15 hivi kwa dakika. Ukivaa lenzi saa 14 na kupepesa mara 12 tu kwa dakika, kope la juu limepita juu ya lenzi zaidi ya mara 10,000 kwa siku moja. Kope la chini halisafiri mbali, ndiyo maana vinundu viko juu. Kila msuguano unachubua utando kidogo, na pale palipochubuka yale mabaki ya protini hupata njia ya kuingia. Seli za ulinzi zilizobeba histamini hufunguka, na hapo muwasho unaanza. Seli nyingine za mzio hukusanyika, utando unavimba na kutengeneza vinundu, na ute unamwagwa kwa wingi. Ute na vinundu vikiongezeka, lenzi inachafuka haraka zaidi na kukwaruza zaidi. Kwa hiyo ile miaka mitatu haikuwa ushahidi kwamba lenzi zinakupenda. Katika muda huo kinga yako ilikuwa inajifunza.

Tunajua mkwaruzo una nafasi yake kwa sababu vinundu hivihivi tunaviona kwa watu ambao hawajawahi kuvaa lenzi: wanaovaa jicho la bandia, na wale ambao baada ya upasuaji wa jicho ncha ya uzi wa nailoni imebaki imechomoza. Tukikata ule uzi, kope linatulia.

Shangazi yako ana haki ya kutaja vikope, maana trakoma imeharibu macho ya wazee wengi katika nchi hii, nayo pia hukaa ndani ya kope la juu. Lakini vikope huletwa na bakteria, huanza utotoni katika nyumba zenye uhaba wa maji na nzi wengi, na huacha makovu yanayogeuza kope zichome jicho. Historia yako haifanani na hiyo. Vumbi nalo haliwezi kuwa sababu kuu, kwa kuwa vumbi halisubiri uvue lenzi ndipo likuwashe. Ila nitakuuliza swali moja: ulipokuwa mtoto, kabla ya lenzi, macho yalikuwa yakikuwasha sana, ukiyapekecha mpaka yanageuka rangi ya kahawia pembeni? Watoto wengi Afrika Mashariki wana mzio wa namna hiyo, na nao huleta vinundu vikubwa chini ya kope. Kama jibu ni ndiyo, mwambie daktari kabla hajakushika, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuumiza kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, na matibabu yake hayafanani na haya.

Kuhusu yale matone nitasema bila kuzunguka. Jentamaisini inaua bakteria, na hapa hakuna bakteria wa kuuawa. Hii hali si maambukizi, huwezi kumwambukiza mchumba wako wala mtu mwingine nyumbani. Kilichokupa nafuu ni deksamethazoni, ambayo ni steroidi. Inazima moto wa kinga kwa nguvu, lakini lenzi chafu inabaki palepale, ndiyo maana ukiacha dawa tatizo linarudi. Steroidi ya matone kwa wiki kadhaa inaweza kupandisha presha ya macho bila maumivu yoyote. Ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mtoto wa jicho. Tena kama kuna virusi au kidonda kinachoanza kwenye konea, inavipa nafasi ya kuenea huku jicho likionekana tulivu. Umetumia chupa mbili. Usinunue ya tatu, na kwenye miadi yako omba presha ya macho ipimwe. Simlaumu aliyekuuzia kwa nia mbaya, lakini dawa hiyo haifai kutolewa dirishani bila jicho kuchunguzwa.

Uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache. Utaketi mbele ya darubini ya macho, utaambiwa utazame chini, na daktari atashika nywele za kope lako la juu na kuligeuza kope juu ya kijiti cha pamba. Haiumi, ila inashangaza. Ataweka tone la rangi ya njano iitwayo fluoresini, na chini ya mwanga wa buluu vinundu vinajitokeza kama ramani. Mimi ukubwa wa vinundu haunitishi sana. Naangalia vichwa vyake. Vikiwa vyekundu na vikishika rangi, ugonjwa uko hai. Vikiwa vimepauka na haviishiki, hata kama ni vikubwa, moto umeshazimika na kilichobaki ni majivu. Hospitali kama Muhimbili na CCBRT hapo ulipo wana idara za macho zinazoweza kufanya haya yote. Mtaalamu yeyote wa macho mwenye darubini hiyo anaweza pia, mradi akubali kupindua kope. Akikuandikia dawa bila kulipindua, muombe alipindue.

Matibabu yanaanza kwa kuacha lenzi, kwa kawaida wiki mbili hadi nne, na kwa hali yako ningechagua nne. Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Nakumbuka mwalimu wa sekondari aliyekuja kwangu akiwa na dalili kama zako. Lenzi za mwezi alikuwa akizivuta hadi wiki saba ili kubana matumizi, saa 15 kwa siku. Kope lake la kulia lilikuwa na vinundu vya karibu milimita 0.8, vyekundu, na vichwa vilivyoshika rangi. Nilimwambia aache wiki nne. Siku ya sita muwasho ulikwisha, siku ya tisa akaona amepona, akarudi kwenye lenzi zilezile. Siku ya kumi na mbili ute ulikuwa umerudi.

Muwasho na ute huisha ndani ya siku chache, lakini vinundu hupungua polepole kwa wiki na miezi. Kutojisikia chochote hakumaanishi utando umepona. Mara ya pili alikaa na miwani wiki tano. Nilipompindua kope vinundu vilikuwa bado vipo, vifupi zaidi, vimepauka, havishiki rangi. Tukamwanzishia lenzi za siku moja, saa nane kwa siku, siku nne kwa wiki. Miezi mitatu baadaye vinundu vilikuwa havijaisha, na vingine huenda havitaisha, lakini alikuwa anafundisha bila kuwashwa.

Katika wiki hizo za mapumziko matone ya mzio husaidia. Yapo yenye olopatadini, ambayo kwa kawaida hutiwa mara mbili kwa siku na hutuliza muwasho mapema. Yapo yenye kromoglikati ya sodiamu, hutiwa mara nne kwa siku, na hayafanyi kazi siku hiyohiyo. Huchukua wiki moja au mbili kuzizuia zile seli zisifunguke, kwa hiyo mtu asiyejua huyatupa siku ya tatu. Daktari akuchagulie. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi, juu ya kope zilizofungwa kwa dakika kumi, ni msaada wa kweli pia, na ni bora mara mia kuliko kupekecha. Kupekecha kunafungua seli zilezile tunazojaribu kuzituliza. Steroidi si haramu moja kwa moja. Kwa kope lililowaka sana daktari anaweza kukupa ile isiyo kali, kwa muda mfupi, akiwa anapima presha. Tofauti yake na chupa zako mbili ni huko kupimwa.

Usitie matone yoyote ya dawa ukiwa umevaa lenzi. Lenzi laini hunywa dawa na kemikali ya kuhifadhi iliyomo, kisha huiachia jichoni polepole siku nzima. Ukirudi kwenye lenzi na bado unatumia matone, yatie asubuhi, subiri dakika 15, ndipo uvae.

Baada ya mapumziko usirudi kwenye lenzi zilezile, hata kama zimebaki jozi mbili kwenye boksi na zimekugharimu. Chaguo ninalolitanguliza ni lenzi za siku moja, unavaa asubuhi na kutupa usiku, kwa sababu protini haipati siku ya pili ya kuganda. Najua bei yake kwa mwezi inazidi ya hizo unazotumia, na kwa mshahara wa kawaida ni jambo la kufikiria. Lakini si lazima uvae kila siku. Wagonjwa wangu wengi huvaa miwani ofisini na nyumbani, na lenzi za siku moja kwa siku zenye sababu. Ukipiga hesabu hivyo, gharama mara nyingi hukaribiana na ile ya awali, na kope linapata mapumziko.

Kama za siku moja haziwezekani, za wiki mbili zitakufaa kuliko za mwezi, na daktari aangalie pia aina ya plastiki na ukingo wake. Baadhi ya lenzi za silikoni zinapitisha hewa vizuri ila ni ngumu kidogo na zinashika mafuta, na ukingo usiokaa sawa unaweza kukwaruza sehemu moja tu ya kope. Kwa usafishaji, mfumo wa haidrojeni peroksaidi ni mzuri kwa kope lililokwisha kukasirika, kwa sababu ukishamaliza kazi yake haubakizi kemikali za kuhifadhi. Lakini una sharti: lenzi zikae katika kikombe chake maalumu saa sita au zaidi, mpaka peroksaidi igeuke kuwa maji na oksijeni. Peroksaidi isiyogeuzwa ikiingia jichoni inaunguza. Na kwa maji ya kawaida ya lenzi, sugua kila lenzi kwa kidole sekunde 20 hivi hata kama chupa imeandikwa hakuna haja. Tupa maji ya jana, usiongezee mapya juu yake. Kikasha kibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Maji ya bomba, ya chumvi ya nyumbani au mate yasiguse lenzi kamwe, kwani kwenye maji kuna kiumbe kiitwacho akanthamiba ambacho kikishika konea matibabu yake ni ya miezi mingi.

Hilo linanirudisha kwenye lile jambo jingine nililoahidi. Vinundu vya kope vinawasha na kukera, ila haviumizi sana. Ukipata maumivu ya kweli, mwanga ukakuchoma, jicho moja likawa jekundu kuliko jingine, ukaona doa jeupe kwenye weusi wa jicho, au ukungu ukabaki hata na miwani, hicho kinaweza kuwa kidonda cha konea. Usisubiri miadi. Nenda siku hiyohiyo ukiwa na lenzi zako na kikasha chake, maana vinaweza kupimwa maabara, na usitie ile dawa ya steroidi kabla hujaonwa.

Sasa wiki zako tisa. Acha lenzi leo, na ndani ya wiki hii uonwe, kope lipinduliwe, presha ipimwe. Chukua chupa zote ulizotumia uende nazo. Wiki ya tano rudi kope liangaliwe tena. Vichwa vya vinundu vikiwa bado vinashika rangi, ongeza wiki mbili, na kwa ratiba yako nafasi hiyo ipo. Vikiwa vimetulia, jaribu lenzi za siku moja saa nne kwa siku, siku mbili au tatu katika wiki, ukiongeza kidogo kidogo. Usingoje kuzivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ya harusi. Muwasho ukirudi kwenye majaribio utajua mapema, na miwani nzuri inayokufaa uso uwe umeshaichagua, kwa sababu ipo nafasi, ndogo lakini ya kweli, kwamba kope litakuwa bado halijawa tayari.

Likiwa tayari, siku yenyewe vaa lenzi kabla mpambaji hajaanza kazi, mikono ikiwa imenawa na kukauka. Mwambie asipake wanja ndani ya ukingo wa kope, kwani huo huishia juu ya lenzi ndani ya saa moja, na kope bandia azibandike bila gundi kugusa ukingo wa ndani. Jozi moja ya akiba na miwani yako vikae kwa msimamizi wako. Ukirudi usiku, hata kama umechoka, toa lenzi kwanza ndipo uondoe vipodozi, na hizo lenzi uzitupe.